Akikosekana Fundi wa Dawa

Jumbe za sauti za meneja wangu wa wakati ule bado zimo katika simu yangu. Ni ishirini na tisa. Nilipobadilisha simu, fundi aliniuliza ahamishe nini, nikamwambia picha za wadogo zangu na sauti hizo. Akashangaa kidogo. Alidhani ni sauti za mtu aliyefariki.

Aliyezituma yu hai. Alizituma ndani ya siku nne, akiwa katika foleni ya chanjo, akiwa kwa fundi wa kushona kanzu, akiwa garini, akiwa jikoni kwake Mafubira huku watoto wanalia nyuma yake. Alikuwa anakwenda kuhiji, na mimi nilipewa kazi ya kuandika waraka wa nani ataamua nini wakati hayupo.

Kampuni yetu ilinunua mahindi na kuyauza. Ofisi ilikuwa Jinja, karibu na nyumba za Walukuba ninakoishi, na ghala kubwa lilikuwa Mbale. Niliingia pale kufagia na kupika chai. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, mama alipomfuata baba kaburini, nikabaki na wadogo watatu. Ofisini nilijifunza kompyuta kwa kuchungulia nyuma ya mabega ya watu. Baadaye nikawa ndiye ninayeandika ratiba za malori na barua za ruhusa, lakini kwa wengi nilibaki dada wa chai. Mdogo wangu anayenifuata alihamia Mbale, mtaa wa Malukhu, na mimi ndiye niliyemwombea kazi ghalani. Alikuwa mmoja wa akina mama wanaokaa kwenye mikeka kuchambua mahindi, wakitoa yaliyooza na mawe.

Wiki ile ya mwisho meneja alipita meza kwa meza akitutaka radhi, kama afanyavyo mtu anayekwenda Makka.

"Kama nimekukosea, nisamehe."

"Tumekusamehe, Haji," mhasibu alimjibu.

"Bado. Msiniite hivyo kabla sijarudi."

"Basi Haji mtarajiwa. Na zile siku ulizonikatalia ruhusa?"

"Hizo pia nisamehe."

Tukacheka. Kisha mwenye kampuni akapiga simu kusema meneja hatapanda ndege bila kuacha waraka. Mwaka uliotangulia aliugua wiki mbili, na watu watatu wakatoa amri tatu juu ya lori moja. Safari hii alitaka kila jambo liandikwe, na jina mbele yake.

Meneja hakuwa na nafasi ya kukaa. Aliniambia nimtumie maswali kwa simu, naye atajibu popote alipo, kisha mimi nipange. Nilichora jedwali la safu tatu: jambo, anayeamua, akikosekana. Mara nyingi anayeamua alikuwa meneja mwenyewe, na safu ya tatu ndiyo tuliyokuwa tunaijaza. Tuliliandika kwa Kiingereza, kama karatasi zote za ofisi, lakini majibu yake yalikuja kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiganda, nusu yake kelele za barabarani.

Niliuliza ruhusa za wafanyakazi. Mhasibu. Hata wa Mbale? Hapana, wa Mbale ni Afande. Kupanga malori ya Mbale? Afande. Kupokea mahindi yenye unyevu? Afande, lakini asipokee kama mashine imekataa. Mlinzi akiugua? "Afande, Afande. Mbale yote ni Afande, usiniulize tena."

Afande alikuwa mtunza ghala wa Mbale, mwanajeshi mstaafu, mzee mnyoofu aliyepiga pasi hata soksi. Alisoma kila karatasi mara mbili, kisha akaibandika ukutani.

Jambo moja tu la Mbale halikuwa la Afande. Mahindi yakikaa huingia fukusi, na fukusi huuawa kwa gesi. Magunia hupangwa juu ya mbao, yakafunikwa turubai zito la plastiki lisilopitisha hewa, na kingo zake zikakandamizwa chini kwa vifuko virefu vya mchanga. Vidonge huwekwa chini ya turubai, navyo hutoa gesi polepole. Milango hufungwa, na picha ya fuvu hubandikwa. Kwetu ilikuwa siku saba kamili, kisha turubai hufunuliwa na mtu aliyevaa kinyago, milango ya pande zote ikaachwa wazi siku nzima, na mwisho fundi wa dawa huingia na kipimo chake kuona kama gesi imeisha. Kipimo kilikuwa kimoja, na alikuwa nacho yeye. Pua haitoshi. Harufu inaweza kuondoka na gesi ikabaki.

Kwa hiyo mbele ya "kufungua ghala baada ya dawa" niliandika fundi wa dawa, na kwenye safu ya tatu nikaacha wazi. Nikamwuliza meneja kwa ujumbe: fundi akikosekana, nani?

Jibu lilikuja siku ya mwisho, alasiri, sauti ya dakika tatu na zaidi. Nilikuwa juu ya bodaboda nikipeleka barua ya ruhusa kwa dereva wa lori, na upepo ulikuwa masikioni. Nikabana simu sikioni. Alianza na mambo ya malori, lori la Busia lisipakiwe kabla ya lile la Soroti, hayo yote Afande, na turubai mbili zimechanika zishonwe, hayo pia Afande. Nikaizima. Nikasema moyoni nitaimalizia ofisini.

Ofisini nilikuta watu wawili wananisubiri na meneja mwenyewe anapiga simu kutoka Entebbe: "Waraka uko wapi? Wanatuita." Nikatazama jedwali. Safu ya tatu ya Mbale ilikuwa na nafasi wazi moja tu, na juu yake na chini yake jina ni lile lile la Afande. Nikashika kwa kipanya pembe ya kisanduku cha juu, nikalivuta jina hadi chini. Nafasi ikajaa. Nikatuma.

Akajibu kwa maneno mawili: "Sawa. Sambaza."

Sahihi yake ilikuwa ndani ya kompyuta, muhuri ulikuwa kwenye droo yangu. Nikachapa nakala, nikagonga muhuri, nikapeleka Mbale kwa lori la asubuhi. Sauti ile sikuirudia. Ilibaki na alama yake ya kusikilizwa, kwa kuwa simu haijui umesikiliza mpaka wapi.

Siku ya Arafa nilikuwa nimefunga. Mahujaji siku hiyo wako uwanjani kwa dua, na simu ya meneja ilikuwa imezimwa tangu jana yake. Ofisi ilikuwa kimya, harufu ya vitunguu vya jirani ikinisumbua. Saa nne na nusu nilimpigia mdogo wangu, kwa kuwa alikuwa aje Jinja jioni tule Idd pamoja.

"Sijui kama nitawahi," alisema. "Tuko kazini. Kuna lori linapakiwa."

"Kwa sauti gani hiyo? Unaumwa?"

"Kichwa. Na kifua kinabana. Ni saumu tu, dada, daku nilikula chai na mkate. Hata mzee wa magunia ametapika, tunamcheka, tunamwambia umri umefika, amwachie Mungu saumu zake."

"Mnachambua wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya ghala lipi?"

"Lile lililokuwa na plastiki."

Nilihesabu kwa vidole. Turubai liliwekwa Alhamisi. Leo ilikuwa siku ya tano.

"Toka nje," nikamwambia. "Toka sasa hivi."

"Afande ataniuliza nini? Acha nimalize gunia hili." Akakata.

Nikampigia fundi wa dawa. Hapatikani. Nikampigia tena. Nikafungua waraka kwenye kompyuta, na kabla haujafunguka nilikuwa nimeshajua nitakachokiona. Nikampigia Afande.

"Afande, watoe watu ghalani."

"Nani huyo anaongea?"

"Mimi, wa ofisi ya Jinja."

"Ah, dada wa chai! Asalaam aleikum. Saumu imekupiga?"

"Siku saba hazijafika."

"Siku tano. Mlango mbili ziko wazi tangu alfajiri, upepo inapita huku inatokea kule. Hapa mnunuzi na lori yake anapiga kelele kama mtu amekanyagwa. Kesho Idd, nani atabeba? Wewe?"

"Fundi amepima?"

"Fundi amepanda mlimani kuzika shangazi yake. Huko simu hakuna. Kwa hiyo amekosekana. Karatasi inasema akikosekana, ni mimi. Na mimi nimeamua."

"Karatasi imekosea, Afande."

"Karatasi iko na sahihi na muhuri. Mimi nimekula mkate wa jeshi miaka mingi, dada. Mkubwa akiandika, mdogo anafanya. Meneja akipiga simu aseme funga, nafunga dakika hii. Lakini wewe si meneja."

Alikuwa na haki. Kwake mimi sikuwa na neno lolote. Neno langu pekee lililokuwa na uzito pale lilikuwa lile lililobandikwa ukutani kwake, likiwa limevaa jina la mtu mwingine.

Simu ikiwa bado sikioni, nilimwona mama. Alipofariki, shangazi na wajomba walikaa kutugawana. Huyu aende Kamuli, huyu Iganga. Wakauliza kama marehemu aliacha neno lolote. Mama hakuwa ameacha neno. Wiki yake ya mwisho hakuzungumza. Nikasimama mlangoni nikasema, "Mama alisema watoto wasitenganishwe, niwalee mimi." Hakuna aliyenipinga, kwa sababu nani abishane na maiti? Tukabaki pamoja. Sijawahi kumwambia mdogo wangu yeyote. Nililijaza pengo la mama kwa sauti yangu, na watoto wakala, wakakua, na kwa hiyo nilijifunza kwamba mtu asiyekuwepo anaweza kusemewa. Mkono uliovuta jina la Afande hadi chini ulikuwa umezoea.

"Dada? Uko?"

"Afande, mstari huo meneja hakuusema. Nimeuandika mimi."

"Umeandika nini?"

"Jina lako. Hapo kwenye akikosekana. Palikuwa wazi, nikajaza. Meneja hajui. Akiuliza, mwambie nilikwambia hivyo kwa mdomo wangu. Hiyo si amri ya mkubwa yeyote, Afande. Ni ya dada wa chai."

Nikasikia kiti kikianguka, na sauti ya Afande ikienda mbali na simu, sauti ambayo nadhani hakuwa ameitumia tangu kambini: "Nje! Wote nje! Acha gunia! Wewe, acha, nasema acha!" Viatu vikakimbia. Mwanamke akauliza kuna nini. Mtu akakohoa, akakohoa tena, na simu ikabaki wazi mezani, ikinisikilizisha chumba kitupu.

Mhasibu alinipeleka Mbale kwa gari la ofisi. Njiani nilipiga simu ya mdogo wangu mpaka chaji ikaisha. Nilikuwa nimenakili jina la dawa kutoka kwenye orodha ya stoo, kwa herufi kubwa, nikalishika mkononi mpaka karatasi ikalowa.

Watu watatu walikuwa hospitalini: mdogo wangu, mama mmoja aliyekaa naye mkeka mmoja, na mzee wa magunia, ambaye ndiye aliyeambiwa alivute turubai kwa mikono yake. Daktari alisoma karatasi yangu, akasema gesi hii haina dawa ya kuizima. Wanamsaidia mtu kupumua, wanautazama moyo, wanasubiri. Akaniuliza walikaa ndani muda gani. Nikasema tangu saa mbili. Akaandika.

Mdogo wangu alikuwa na bomba la hewa puani na bado anabishana na muuguzi aliyemletea maji.

"Magharibi haijafika."

"Mgonjwa hafungi," nikamwambia.

"Wewe umekuja lini? Mwambie aweke hapo, nitakunywa jua likizama."

"Kunywa."

"Zimebaki saa chache tu, dada."

"Kunywa! Utailipa siku nyingine."

Akanywa akinitazama kama niliyemwibia. Hakujua bado. Nilimwambia kesho yake, takbira za Idd zikisikika kutoka msikitini, yeye ameketi kitandani na rangi imemrudia usoni. Nilimwambia kuhusu mstari tu; la mama sikuligusa. Akavuta shuka hadi kidevuni. Kisha akasema, "Nilikuwa nakatalia ndani kwa ajili ya gunia moja." Hilo tu. Yeye na mwenzake waliruhusiwa baada ya siku mbili. Mzee alibaki.

Meneja alirudi na maji ya zamzam na tende, watu wakamkumbatia, safari hii hakukataa kuitwa Haji. Mimi aliniita ndani, akafunga mlango. Nilikuwa nimekwisha kumwandikia kila kitu, bila kupunguza. Aliweka simu yake mezani, akatafuta ile sauti ya dakika tatu, akaibonyeza. Malori. Busia, Soroti. Turubai zilizochanika. Tukapita pale nilipoizima. Kelele za uwanja wa ndege, mtu anatangaza kitu, kisha sauti yake ikasogea karibu:

"Na kuhusu dawa, fundi akikosekana, asifungue mtu. Hata Afande. Hata mimi. Lifungwe mpaka arudi na kipimo chake, hata lori lioze hapo nje. Umenisikia?"

Ikaisha.

"Nilikuuliza kama umenisikia," alisema.

"Ndiyo, Haji."

"Na ukaniletea karatasi, nami sikuisoma. Niliandika sawa nikiwa nimevua viatu kwenye ukaguzi. Nilisoma kichwa cha habari nikaona kuna safu tatu, nikasema huyu dada amefanya kazi." Akapangusa uso. "Nimesimama Arafa nikiomba kusamehewa niliyoyajua. Hili lilikuwa linatendeka saa ile ile."

Mwenye kampuni alinipa barua ya onyo. Afande aliomba kupumzika, akapumzishwa. Nilitegemea kufukuzwa, na nadhani ningepumua vizuri zaidi. Badala yake Haji aliniambia niuandike upya waraka wote, tukae pamoja, mstari kwa mstari, kila nafasi aijaze kwa mdomo wake nikimtazama. Tulitumia asubuhi nzima. Kwenye ule mstari, safu ya tatu, alisema: "Hakuna. Libaki limefungwa." Nikaandika. Siku hizi ninapokuta nafasi wazi kwenye karatasi yoyote, hata ya shule ya watoto, huuliza kwanza. Na ile "umenisikia?" hunijia ninapoosha vyombo, ninapofunga mlango, kwa sauti ya mtu anayeondoka.

Mzee wa magunia alitoka hospitalini baada ya wiki tatu. Nilimfuata Malukhu, mdogo wangu akinionyesha njia, kisha akabaki barabarani kwa sababu hakutaka kuwa ndani nitakapoyasema. Nilimkuta kwenye kiti cha mbao barazani, shati limefungwa mpaka kooni ingawa kulikuwa na joto. Kutoka pale hadi bomba la maji ni hatua ishirini, na mkewe aliniambia hupumzika mara mbili njiani. Gunia hatabeba tena.

Nilipiga magoti, nikamwambia. Nilimweleza habari ya kompyuta, pembe ya kisanduku, jina, sauti niliyoizima. Alisikiliza akiangalia mikono yake.

"Harufu niliisikia," alisema. "Kama samaki, kama kitunguu saumu. Nikamwuliza Afande, nani amesema tuingie? Akanionyesha ukutani. Mimi kusoma sijui. Nikaona muhuri, nikavuta plastiki."

"Nisamehe, mzee."

"Unayo hiyo karatasi?"

Nilikuwa nayo, ya zamani, ile yenye kosa. Nilikuwa nimeichukua ukutani Mbale kwa mkono wangu.

"Nisomee pale."

Nikamsomea kwa Kiswahili: kufungua ghala baada ya dawa, anayeamua, fundi wa dawa, akikosekana, mtunza ghala.

"Endelea."

"Imeishia hapo."

Akaniomba nimsomee tena. Nikasoma. Alinyoosha kidole, akaniomba nikiweke juu ya mstari, ajue ni wapi. Nikakishika kidole chake, kigumu kama kamba ya gunia, nikakipitisha kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Haikuchukua muda.

"Basi ndio huu," alisema. "Mimi nilidhani ni maneno mengi."

Kidole chake hakukiondoa. Alipumua mara kadhaa, kila pumzi ikitafutwa, na mimi nilibaki magotini nimeishikilia karatasi isitikisike, nikingoja aseme kama amenisamehe. Mkewe akaleta chai.